Nyuki wa Kwenye Simu Asimdanganye Mkulima

Leo nina ugomvi na nyuki. Si nyuki wa mzingani, huyo tunaelewana. Ugomvi wangu ni na nyuki wa kwenye simu, yule anayetengenezwa na programu ya akili mnemba baada ya mtu kuandika mistari miwili ya maneno. Anakuja kwa ukaribu mkubwa, jua linazama nyuma yake, mabawa yanapunga taratibu kama ya kunguru, ua linayumba kabla hajaligusa. Chini yake kuna namba ya simu na bei ya lita moja ya asali.

Watu wananiambia, "Bwana shamba, hilo ni pambo tu, acha watu wauze." Mimi nasema si pambo. Video ile inamfundisha mkulima mambo matatu ya uongo kwa sekunde nane: saa ambayo nyuki yuko shambani, jinsi nyuki anavyofanya kazi kwenye ua, na mahali asali ilipotoka. La kwanza linaweza kuua nyuki. La tatu linaweza kuua biashara. Na karibu kila mara kosa si la programu. Ni la maelezo, yaani yale maneno ambayo mtu ameiandikia programu ili imtengenezee video.

Msimamo wangu ni huu: mtu ambaye hajakaa nusu saa asubuhi mbele ya ua akimtazama nyuki anatua, asiandike maelezo ya nyuki anayetua. Akishamtazama, aandike alichokiona kwa mpangilio wa kilivyotokea, na aache sifa. Nitaonyesha kwa mfano mmoja, tangu maelezo mabovu hadi yanayofaa.

MAELEZO YALIYOHARIBU KAZI

Mfanyabiashara mmoja wa asali kwenye eneo ambalo watu wanalima ufuta alinionyesha alichoandika. Kilikuwa hivi:

```
Video nzuri sana ya nyuki anatua kwenye ua, makro,
halisi kabisa, 8K, mwendo wa polepole, mwanga wa
dhahabu wa machweo, mabawa yenye ukungu,
petali zinacheza na upepo
```

Neno makro ni la wapiga picha. Maana yake ni picha ya karibu sana, ambapo mdudu wa sentimita moja anajaza kioo. Hilo neno lina kazi na nitalibakiza. Lakini mengine tuyachambue, kwa sababu ndiyo niyaonayo kila siku.

"Nzuri sana", "halisi kabisa" na "8K" hayasemi lolote kuhusu nyuki. Ni sawa na kumwagiza fundi seremala meza "nzuri sana" bila kumpa kipimo. Fundi atakutengenezea meza ile aliyozoea. Programu nayo imejifunza kwa kutazama video nyingi za watu wengine, ukiiachia nafasi itakupa kile ilichokiona mara nyingi: nyuki mnene kwenye ua la bustanini, pengine ua ambalo kijijini kwako halipo.

Kisha lipo neno "ua" peke yake. Programu nyingi zinaelewa Kiingereza vizuri kuliko Kiswahili, kwa hiyo maneno yako yanaweza kutafsiriwa kwanza. "Kwenye ua" inaweza kueleweka kama uani, pale nyuma ya nyumba penye kuku. Andika "ua la ufuta" au "ua la boga". Kwa "la" na jina la mmea huwezi kuchanganywa na uzio. Mtego wa aina hiyo uko pia kwenye saa. Ukiandika "saa tatu asubuhi" na tafsiri ikabeba namba kama ilivyo, utapewa usiku wa manane. Usitaje saa. Eleza jua liko wapi.

MABAWA: UKUNGU NA MWENDO WA POLEPOLE HAVIKAI PAMOJA

Mfanyabiashara huyu aliomba ukungu wa mabawa, na aliomba mwendo wa polepole. Hapo ameomba vitu viwili vinavyofukuzana, na ndiyo maana alipata nyuki anayepunga mabawa kama kunguru huku pembezoni mwa mabawa kuna moshi usioeleweka.

Tazama pangaboi dukani. Likiwaka kwa kasi huoni panga moja moja, unaona duara la kivuli. Si kwamba mapanga yamefifia. Yanazunguka haraka kuliko jicho linavyoweza kuyashika. Mabawa ya nyuki ni hivyohivyo. Nyuki wa asali akiwa hewani hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja. Kamera ya video ya kawaida huchukua picha kama 25 kwa sekunde, na kila picha huachiwa mwanga kwa muda wa karibu sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Gawanya mwenyewe: ndani ya picha moja, bawa limepanda na kushuka mara nne au zaidi. Picha haiwezi kuonyesha bawa lenye mistari. Itaonyesha ukungu mwepesi, kama feni, kila upande wa mgongo.

Video ya kweli ya mwendo wa polepole hupatikana kwa kamera inayochukua picha nyingi mno kwa sekunde, mamia au maelfu. Kila picha inachukuliwa kwa muda mfupi sana, kwa hiyo bawa linaonekana wazi, na ukungu unatoweka. Ukitaka ukungu, chagua mwendo wa kawaida. Ukitaka mwendo wa polepole, eleza mabawa manne yanayoonekana, ya mbele na ya nyuma yakiwa yameshikana pande zote mbili. Huwezi kula ngano na unga wake.

Jambo la pili kwenye mabawa ni kwamba ukungu una mwisho. Nyuki akishashika ua, mabawa yanasimama na kukunjwa kuelekea nyuma, juu ya mgongo. Usipoliandika hilo, programu itaendelea kumpigisha mabawa akiwa ameketi, au itayafuta kabisa. Nyuki wa asali aliyeketi anakusanya maji matamu ya ua bila kelele. Kwa hiyo maelezo lazima yaseme lini ukungu upo na lini unaisha.

Na usiseme tu "ukungu". Programu inaweza kutia ukungu mwili mzima. Nyuki anayekaribia ua hupunguza mwendo, karibu na ua anakuwa kama ananing'inia hewani. Mwili wake hauendi mbio wakati huo, mabawa peke yake ndiyo yanayokwenda mbio. Andika hivyo: mwili unaonekana wazi, mabawa ni ukungu.

PETALI: ANAYEZITIKISA NI NANI?

Hapa ndipo ninapogombana zaidi na wanaoandika maelezo haya. Wote wanataka petali zicheze, na wote wanaandika "upepo". Upepo ukiingia, kila kitu kinacheza tangu mwanzo: ua, jani, bua. Nyuki anapotua, mtazamaji hajui ua limeinama kwa sababu ya upepo au kwa sababu ya nyuki. Umepoteza kitu kimoja chenye maana katika video nzima, yaani kuona kwamba mdudu mdogo vile ana uzito na ua linamhisi.

Nyuki mfanyakazi ana uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya gramu. Kwetu si kitu. Kwa petali laini inayoning'inia ni mzigo. Akiishika, inainama papo hapo. Kisha inarudi juu kidogo, inashuka tena kidogo, inatulia ikiwa imeinama kuliko mwanzo kwa sababu mzigo bado upo. Akiruka, inaruka juu. Ule mpangilio ndio unaomfanya mtazamaji aamini: kugusa kwanza, kuinama baadaye, kutikisika kunakopungua, kutulia. Ua likiyumba kabla ya mguu kugusa, hata mtoto wa darasa la pili anahisi kuna kitu hakiko sawa, japo hawezi kusema ni nini.

Kwa hiyo andika "hewa imetulia". Mwache nyuki awe sababu pekee ya mtikisiko.

Tena chagua ua linaloweza kutikisika. Wengi wanapenda alizeti kwa sababu linang'aa. Lakini kichwa cha alizeti ni kizito, na nyuki hutua katikati, kwenye vijiua vidogo vyenye maji matamu na chavua, si kwenye petali za njano za pembeni. Ukiomba alizeti na petali zinazoinama kwa nyuki, umeilazimisha programu kusema uongo. Itamweka nyuki pembeni ambako hana kazi, au itatikisa kichwa kizima kama kimepigwa rungu.

Ufuta ni mwafaka zaidi. Ua lake ni kama kengele ndogo ya urefu wa sentimita tatu hivi, jeupe au la zambarau iliyopauka, linaning'inia pale jani linapoungana na bua. Mdomo wake wa chini umetokeza mbele kuliko wa juu, na hapo ndipo nyuki anaposhika kabla ya kuingiza kichwa. Mdomo huo ni mwepesi, unainama. Na mkulima wa ufuta akiona ua lake mwenyewe, video inamhusu.

MACHWEO YANAYOUA NYUKI

Sasa nafika kwenye kosa ambalo silivumilii. "Mwanga wa dhahabu wa machweo." Kila mtu analiandika, kwa sababu picha inapendeza.

Maua ya ufuta hufunguka asubuhi na mapema. Nyuki huyatembelea asubuhi jua linapopanda, na mengi ya maua hayo hudondoka kufikia jioni. Ukimwonyesha mkulima nyuki anatua kwenye ua bichi la ufuta jua likizama, umemwambia kwamba jioni ndiyo saa ya nyuki. Mkulima mwenye viwavi wanaokunja majani ya ufuta anatafuta saa ya kupiga dawa. Kama jioni ni ya nyuki, basi atapiga asubuhi ili "asiwasumbue". Hapo ndipo atakapowamwagia nyuki wote walioko kazini, kwa sababu dawa nyingi za kuua wadudu hazimchagui kiwavi zikamwacha nyuki.

Ushauri tunaoutoa ni kinyume chake: kama ni lazima kupiga dawa wakati shamba lina maua, piga jioni nyuki wakisharudi mizingani, na soma kibandiko cha dawa kwanza kwa sababu nyingine hubaki na sumu hadi kesho yake. Ushauri huo tumeurudia mikutanoni miaka na miaka. Video moja ya sekunde nane yenye machweo mazuri inaubomoa, kwa sababu mtu husahau aliyosikia kabla ya kusahau aliyoona.

Kuna atakayeniambia kwamba hakuna mkulima anayepanga ratiba ya dawa kwa video ya tangazo la asali. Hapangi kwa kukusudia, nakubali. Lakini mkulima ambaye hajawahi kumtazama nyuki kwa karibu, na wengi hawajawahi kwa sababu wanamkimbia, atachukua picha hiyo kuwa ndiyo ilivyo. Hana nyingine ya kulinganisha nayo. Na kubadilisha machweo kuwa asubuhi hakukugharimu chochote. Ni maneno matatu.

MAELEZO NILIYOPENDEKEZA

Tulikaa na mfanyabiashara yule tukayaandika upya. Programu nyingi hutoa kipande cha sekunde chache tu, kwa hiyo tulichagua tendo moja, yaani kutua. Tusiombe nyuki atue, anyonye, aruke, arudi mzingani. Ukijaza matendo manne kwenye sekunde nane kila kimoja kitakatwa katikati. Haya ndiyo maelezo:

```
Makro, mwendo wa kawaida, sekunde 8, shoti moja.
Ua moja jeupe la ufuta linaning'inia kwenye bua.
Asubuhi, jua limeshapanda, mwanga mweupe wa pembeni.
Hewa imetulia, ua halitikisiki.
Nyuki wa asali mmoja anaingia kutoka kulia,
anapunguza mwendo, anashusha miguu.
Hewani mwili wake unaonekana wazi,
mabawa ni ukungu mwepesi.
Miguu inashika mdomo wa chini wa ua.
Hapo ua linainama, linarudi juu kidogo,
linatikisika mara mbili, linatulia.
Mabawa yanakunjwa mgongoni.
Nyuki anaingiza kichwa ndani ya ua.
Kamera haisogei. Fokasi iko kwenye mdomo wa ua.
Nyuma ni kijani kisicho na umbo.
```

Angalia kwamba hakuna neno moja la sifa. Kila mstari ni kitu kinachoonekana, na mistari inafuatana kama matukio yanavyofuatana. Neno "hapo" baada ya miguu kushika lina kazi kubwa: linaiambia programu kuwa kuinama ni matokeo ya kushika.

Mstari wa fokasi nao una sababu yake. Kwenye picha ya karibu namna hii, eneo linaloonekana wazi ni jembamba, milimita chache tu kwenda mbele na nyuma. Kilicho nje ya hapo kinafifia. Mpiga picha wa kweli hamfukuzi nyuki kwa fokasi. Anaiweka pale nyuki atakapotua, kisha anasubiri. Kwa hiyo nyuki akiingia anakuwa amefifia kidogo, akifika kwenye ua anakuwa wazi. Ukiiachia programu, mara nyingi itaonyesha kila kitu wazi tangu nyuki hadi mti wa mbali, na macho yatakataa bila kujua sababu. Kamera isiyosogea inasaidia pia, maana ikizunguka huku ua likitikisika huwezi kutofautisha mtikisiko wa ua na wa kamera.

Kama programu yako haielewi Kiswahili vizuri, tafsiri mstari mmoja mmoja na mtu anayejua lugha zote mbili aupitie kila mstari. Usitafsiri lundo lote kwa mkupuo. Na badala ya kuandika usichotaka, andika unachotaka. Ukiandika "pasiwe na nyuki wengine", neno nyuki wengine limeshaingia, na mara nyingi nao wataingia. "Nyuki wa asali mmoja" inatosha.

UKAGUZI KABLA YA KUTUMA

Maelezo mazuri hayahakikishi nyuki mzuri. Pale mguu unapokutana na petali ndipo programu hizi hushindwa mara nyingi, mguu unapita ndani ya petali kama petali ni moshi, au nyuki anabaki hewani nusu milimita huku ua limeinama. Kwa hiyo simamisha video sehemu tatu na uhesabu.

Kabla hajatua: je, ni nyuki kweli? Nyuki wa asali ana miguu sita, mwili wenye manyoya, na papasi mbili zilizopinda katikati kama kiwiko. Programu hupenda kutoa nzi mwenye mistari ya njano. Nzi yule papasi zake ni fupi mno, macho yake ni makubwa yanayojaza kichwa, na ana mabawa mawili tu badala ya manne. Mtu anayeuza asali kwa picha ya nzi hastahili huruma.

Wakati wa kugusa: rudisha nyuma taratibu. Ua lilianza kuinama kabla au baada ya mguu kufika? Kama ni kabla, kataa.

Baada ya kutua: mabawa yametulia na kukunjwa? Bado miguu ni sita, au mmoja umezaliwa njiani? Ua limebaki limeinama kidogo kwa uzito, au limerudi juu kama hakuna aliyekaa?

Ikishindwa, badilisha mstari mmoja tu unaohusika na kosa hilo, kisha ujaribu tena. Ukibadilisha mistari mitano kwa pamoja hutajua ni upi uliosaidia. Yule mfanyabiashara alipata nyuki aliyeendelea kupiga mabawa akiwa ameketi. Hatukugusa kitu kingine, tuliandika "Mabawa yanasimama kabisa na kukunjwa mgongoni" mahali pa mstari ule wa mabawa, na jaribio lililofuata lilikaa sawa. Lakini bado kulikuwa na mguu mmoja wa nyuma uliopita kwenye petali, na majaribio mengine mawili hayakuuondoa. Tulikata video ikaanza na kuishia pale palipokuwa safi. Sekunde tano za ukweli ni bora kuliko nane zenye mguu wa shetani.

NYUKI HUYU ASIUZE ASALI

Hapa tuligombana, na sikulegea. Alitaka aandike chini ya video: "Asali halisi kutoka kwa nyuki wetu." Nikamuuliza, "Nyuki huyu yuko mzinga gani?" Akacheka. Nikamwambia mteja akiuliza swali hilohilo hatacheka.

Mnunuzi wa asali ana hofu moja, kwamba amechanganyiwa sukari. Anatafuta dalili ya kumwamini muuzaji. Ukimpa video iliyotengenezwa ukaiita nyuki wako, siku atakapojua, na watu wanajua siku hizi, atajiuliza: kama nyuki ni wa kutengeneza, asali je? Hutakuwa na jibu, hata kama asali yako ni safi kabisa.

Kwa hiyo kila kitu kiwe na kazi yake. Cha kuthibitisha asali piga picha ya kweli kwa simu yako, hata kama haipendezi: mizinga yako mtini, masega unayochuja, ndoo yenye tarehe ya kurina. Video ya kutengeneza ibaki kwenye kueleza jambo ambalo simu yako haiwezi kulinasa, na kutua kwa nyuki ni jambo la namna hiyo, maana kunamalizika kabla hujabonyeza. Na juu ya video yenyewe, si kwenye maelezo ya chini yanayopotea ikitumwa kundi jingine, weka maneno haya:

```
Video hii imetengenezwa kwa kompyuta kuonyesha
nyuki anavyotua. Si nyuki wa mizinga yetu.
```

Wapo watakaosema maneno hayo yanafukuza wateja. Mimi nasema yanawafukuza wale tu waliokuwa wanakuja kwa sababu ya kudanganywa, na hao wangeondoka hata hivyo.

Na wapo wanaosema, "Kwa nini usimpige nyuki wa kweli, ukaachana na haya yote?" Hao nakubaliana nao kuliko wote. Kama simu yako inaweza kupiga kwa karibu, nenda shambani asubuhi, chagua ua moja, weka fokasi hapo, tulia, usimfukuze nyuki. Utapoteza nafasi nyingi na kupata moja. Ukikosa hata hiyo moja, bado utakuwa umeona kitu ambacho mwandishi wa "nzuri sana, 8K" hajawahi kukiona: miguu inashuka, mdomo wa ua unainama, mabawa yanapotea na kurudi. Ndipo urudi nyumbani, ukae, uandike maelezo yako.